Muulize Mjomba Jogoo

*Mjomba, mimi ni mwoka mikate, Morogoro. Shifti yangu inaanza saa kumi na moja alfajiri. Juzi niliseti alamu saa kumi, nikaamka jua limeshakolea. Bosi kaniandikia barua. Simu imeniloga?* – Mwoka Mikate

Mwanangu, simu haina uchawi. Haihesabu saa kama sisi, basi. Wewe uliandika 10:00 na yenyewe ikaelewa saa nne asubuhi. Saa kumi alfajiri kwake ni 4:00 AM. Ukiacha PM, italia saa kumi jioni, mikate imeshauzwa na wewe unatafuta kazi nyingine. Ingia kwenye mipangilio ya simu, weka mtindo wa saa 24, uandike 04:00.

Kisha usiamini macho yako ya usingizi. Simu nyingi za Android, ukishahifadhi alamu, zinakuandikia muda uliobaki hadi ilie. Ukilala saa tatu usiku, lazima isome saa 7. Ikisema 13, umerudia kosa la juzi. Ikisema 19, ni ile PM.

Sauti nayo ina ujanja wake. Kwenye Android, sauti ya alamu ina mstari wake, mbali na ule wa muziki, kwa hiyo taarabu inaweza kutikisa nyumba huku alamu ikinong'ona. Seti alamu ya dakika mbili mbele, funga kioo, nenda chumba cha pili usikilize. Na usilale kabla hujaona alama ya chaji: soketi iliyozimwa imewafukuzisha watu kazi, kwani simu nyingi za kisasa zikizimika, alamu nayo kimya. Ndiyo maana nakushauri uwe na kitochi cha akiba, kimesetiwa 04:05, kikae mbali na kitanda. Ukitaka kukinyamazisha, sharti usimame.

*Mume wangu ni mlinzi, zamu zake zinabadilika kila wiki. Siku ya mapumziko alamu inalia saa tisa usiku, yeye anaiahirisha mara nne huku anakoroma. Ninayeamka ni mimi.* – Mke wa Mlinzi, Tanga

Pole, mama. Huyo amechagua irudie kila siku. Aondoe alama kwenye siku zote, italia mara moja tu, kisha kila jioni aisome ratiba na kuiwasha upya. Hilo la kuahirisha lina dawa: apime kwa saa ya kupimia muda, tangu anapoamka hadi anapofunga mlango. Ikiwa ni dakika 35, aseti dakika 40 kabla ya kutoka, asijidai anahitaji saa nzima ya kugaragara.

*Mwanangu yuko Maskati. Nikimpigia saa nne usiku ananung'unika.* – Mama, Unguja

Maskati wametutangulia saa moja, kwake ni saa tano. Ongeza mji huo kwenye saa za dunia, ndani ya programu hiyo hiyo ya alamu. Akiendelea kunung'unika saa mbili usiku, mama, tatizo si saa.