Kangaga, Bibi wa Takataka

Wapo waliomsifu waridi, wapo waliomsifu yasmini. Sijamsikia aliyemsifu kangaga wa chunguni, yule anayening'inia sebuleni na kila asubuhi kutandaza sakafuni vijani vikavu kama makapi ya mpunga. Ufagio wa chelewa ukivizoa, anacheka: kesho atamwaga vingine. Bibi huyu nitamtetea mimi.

Kwanza, nasaba. Ndugu zake wa mikokoni, kwenye mlango wa Mto Ruvuma, wanasimama ndani ya tope la maji ya chumvi, wanafikia kimo cha mtu na zaidi, wala hawalalamiki. Yeye wa chunguni, ukimnywesha maji ya kisima yenye chumvi, ncha za majani yake zinaungua. Wenye wivu wanasema ni dhaifu. Nasema ni muungwana: katika ukoo wowote lazima awepo mmoja wa kuletewa maji ya mvua kwenye kikombe.

Halafu tazameni usanifu wake. Kila kijani kimeunganishwa na uti wa jani kwa kiungo chake. Ukame ukimkabili, hakai na maiti mkononi. Anafungua kiungo na kuiachia. Hubaki uti mtupu, mwembamba, wa hudhurungi, ukimwonyesha kila mgeni aibu ya mwenye nyumba. Majani ya zamani karibu na udongo hufanya hivyo hata mambo yakiwa shwari. Lakini yakianza kupukutika ya katikati, yaliyo mabichi bado, hapo bibi anatoa taarifa, na taarifa zake hazina upendeleo.

Chukueni kangaga wa shangazi yangu, Shangani, mjini Mtwara. Ilikuwa Julai, kusi inavuma, naye anapukutika. "Mwanangu," akaniambia, "hewa ya pwani hii inalowesha hata chumvi mezani. Huyu anataka unyevu gani tena?" Swali zuri. Unyevu ulikuwepo, ila chungu kilining'inia kati ya dirisha la kusi na pangaboi. Jani hujizungushia tabaka jembamba la hewa yenye unyevu. Upepo usiokoma huliondoa, na jani hulazimika kutoa maji mengine, na mengine tena, kupita yale ambayo mizizi inaweza kuleta. Usiku kiyoyozi cha chumba cha pili kilipofanya kazi mlango ukiwa wazi, hewa yenyewe ikakauka.

Na mizizi nayo ilikuwa na kesi yake. Shangazi alimwagilia kila siku, kikombe kimoja, kwa uaminifu wa mtu anayelipa kodi. Udongo wa kichanga uliochanganywa na makumbi ya nazi ulikuwa umekauka kabisa katikati, na mchanganyiko huo ukikauka kiasi hicho unayakataa maji: yanateleza pembeni mwa chungu na kutokea chini, sahani inajaa, mwenyewe anaridhika. Tukainua chungu, kilikuwa chepesi kama hakina kitu. Hicho ndicho kipimo, wala hakihitaji duka.

Tukakitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya mvua kutoka simtanki, nusu saa hivi, mpaka mapovu yakaisha. Tukakiacha kichuruzike, kisha tukakihamishia kona ya baraza yenye mwanga bila jua kali, nyuma ya ukuta unaozuia kusi, karibu na vyungu vingine ili mimea ipeane unyevu. Nyuti tupu zilikatwa karibu na udongo, kwa sababu kijani kilichodondoka hakirudi mahali pake. Kuanzia hapo kikombe cha kila siku kikafutwa: kidole kinaingia udongoni hadi kiungo cha kwanza, pakiwa pakavu anamwagiliwa mpaka maji yatoke chini, na sahani inamwagwa. Kunyunyizia majani hakukatazwi, lakini athari yake huisha upesi. Ni salamu zaidi kuliko chakula.

Katikati ya tiba jirani akaja mbio na dawa ya wadudu, kwa kuwa ameona madoa ya kahawia chini ya majani. Madoa yalikuwa yamepangwa safu mbili zilizonyooka: ni vifuko vya mbegu-vumbi zake. Wadudu gamba hawana adabu ya kupanga foleni. Hukaa ovyo, na ukiwakwangua kwa ukucha wanabanduka. Bibi wa watu alitaka kupigwa dawa kwa kosa la kuwa na mimba!

Wiki kadhaa baadaye vikono vilivyojikunja vikatokea katikati ya chungu. Sakafuni zilibaki punje chache tu, za majani mazee. Sasa shangazi anasubiri mvua za Novemba akiwa na hofu mpya, maana hewa ikilowa na kidole kikasahauliwa, chungu kitabaki na maji, mizizi itaoza, na majani yatageuka manjano mazima mazima yakiwa yamelegea. Hapo bibi huenda asiangushe kitu sakafuni. Atanuna tu, na mtafute wenyewe.