Kapsheni ya Harusi Uliyoalikwa na Wote Isipokuwa Ubalozi

Dada yako anaolewa Minneapolis, wewe uko Tabata. Ulilipa dola 185 za maombi ya viza, pesa ambazo hazirudi hata ukinyimwa, na ukanyimwa. Kilichobaki ni kuandika maneno chini ya picha, na ukoo mzima utayasoma kwa miwani.

Anza na saa. Ndoa inafungwa Jumamosi saa kumi jioni. Kule ni majira ya joto, kwa hiyo Tabata ni saa sita usiku, Jumapili imeshaingia. Ukiandika "Leo dada yangu ameolewa", simu itabandika tarehe ya Jumapili na mama mdogo atauliza kama ndoa imefungwa mara mbili. Futa "leo". Wapo wanaoweka "hatimaye" badala yake; ila kama dada ameshavuka thelathini na tano, usithubutu.

Picha huna, ila ile uliyoinasa kwenye skrini video ilipoganda: bwana harusi jicho moja limefumba, pete iko hewani, na kwenye kijidirisha cha pembeni uko wewe, umevaa fulana ya kampeni, chandarua kinaning'inia nyuma. Kata kijidirisha hicho. Ukikiacha, pete hakuna atakayeiona.

Sasa sababu ya kutokuwepo, na hapa ndipo wengi huumbuka. "Sababu zilizo nje ya uwezo wangu" kila mtu anajua ni viza. "Majukumu ya kazi" inataka uwe na kazi inayojulikana mtaani. "Nilikuwepo kiroho" huandikwa na wale ambao hata mchango hawakutoa. Wewe uliyetoa andika "tulishiriki kwa hali na mali", ukiomba mweka hazina wa kamati asipite hapo, maana yeye ndiye anayejua kwamba mali ilikuwa elfu hamsini na hali ilikuwa ahadi. Ushauri wangu: sababu usiitaje kabisa. Anayejieleza kabla ya kuulizwa huwa ameshaulizwa ubalozini.

Instagram inakupa herufi 2,200, lakini msomaji huonyeshwa mistari michache tu ya mwanzo. Mingine mpaka abonyeze, na shangazi habonyezi. Usiimalize nafasi hiyo kwa "maneno hayatoshi", halafu yakafuata maneno mia tatu. Weka hongera mbele, kwa mfano:

"Hongera sana dada. Shemeji, karibu kwetu; mahari iliyobaki tutaizungumza ukifika."

Hii haina tarehe, haisemi ulikuwa wapi, na macho yote yanahamia kwa shemeji. Subiri bibi harusi aweke picha zake kwanza, ndipo nawe uweke yako.

Shangazi ataandika chini: "Mbona wewe sikuoni?" Mjibu: "Shikamoo shangazi. Mimi ndiye niliyekuwa napiga picha."