Lango Lisilojua Kusema Hapana

Wakubwa wa mradi wa karanga wa Waingereza kule Kongwa, Tanganyika, hawakutaka shamba la majaribio, lingewachelewesha. Lengo la mwaka wa kwanza, 1947, lilikuwa ekari 150,000. Zilizofyekwa hazikufika 10,000. Hapo ndipo pangehitajika lango la ukaguzi, lenye maswali matatu: Gharama ya kufyeka ni ileile tuliyokadiria? Mvua inatosha? Udongo ukikauka, karanga zitang'oka? "Hapana" moja, simamisha upime upya, mbili, funga. Na vipimo viandikwe kabla trekta la kwanza halijanunuliwa, maana baadaye kila bosi ana udhuru. Wao walifunga 1951, pauni milioni 36 zikiwa zimeteketea. Mgogo yeyote angewaeleza habari za mvua ya Kongwa, tena bure.