Namna ya Kukwepa Michezo ya Shule Mpaka Ukamatwe Ukikimbia

Mwongozo huu ni wa binti ambaye kila Jumatano, kengele ya michezo ikilia, tumbo lake nalo huitikia. Nimeuandika kwa uzoefu wa miaka mitatu katika shule moja ya kutwa huku Korogwe. Usiuache ovyo kwenye dawati, maana mwalimu wa michezo naye anajua kusoma.

Anza na ugonjwa, lakini uchague kwa akili. Wanaoanza hukosea kwa kuumwa kitu kilekile kila wiki. Tumbo la mwezi lina heshima yake na mwalimu wa kiume halihoji, ila wetu ana daftari. Siku daftari lilipoonyesha kwamba mwezi wangu mmoja ulikuwa na matumbo manne, nilipewa bukta na kuelekezwa uwanjani.

Ukishafika huko, omba kucheza netiboli na ugombee fulana yenye herufi GK. Usikubali C hata kwa kubembelezwa: C anaruhusiwa kukanyaga uwanja mzima isipokuwa nusu-duara mbili za kufungia, kwa hiyo hana pa kujificha. GK haruhusiwi kutoka katika theluthi yake ya mwisho, na timu yake ikiwa inashinda, anaweza kukaa robo nzima akihesabu kunguru. Mpango huu una kasoro moja tu, kwamba timu yako iwe inashinda. Yetu haikuwa. Mipira ilinijia kama mvua ya masika, na kila uliponiponyoka walikuwepo watu sitini wa kuniambia nilichopaswa kufanya. Baadaye nikahamishiwa mbio za kupokezana vijiti. Kijiti kilianguka. Sitaki kulizungumzia hilo.

Mpaka hapo mwongozo ungekamilika, na ungekuwa mwongozo safi, kama si Bibi kuishiwa sukari.

Ilikuwa Juni, na huku kwetu Juni jua huzama mapema, kabla ya saa 12 na nusu. Nilitumwa nusu kilo kule dukani kambini, ng'ambo ya shamba la mkonge, nikanogewa na maongezi ya muuza duka. Nilipogeuka, jua lilikuwa limeshatua. Jioni ya huku haina subira. Ukishapita mwendo wa dakika ishirini tangu jua lizame, hutofautishi shimo na kivuli. Nikakumbatia sukari, nikakimbia.

Nilikimbia kwa woga. Naomba hilo liandikwe. Barabara ya shamba imenyooka, mistari ya mkonge imepangwa kulia na kushoto, na milingoti yake imesimama juu kama watu wasio na habari nawe. Nilipofika karibu na korona, penye ile harufu kali ya mabaki ya mkonge, woga ulikuwa umeisha. Miguu haikuwa na taarifa hiyo, ikaendelea. Hakuna filimbi, hakuna anayepiga kelele "kaza!", hakuna mvulana aliyekaa ukutani akitoa maoni juu ya kifua changu. Nilikuwa nikisikia raba zangu tu, na sukari ikichezacheza mfukoni kama kayamba. Nilifika nyumbani nikahema mlangoni, na kwa mshangao wangu nikaona njia imekuwa fupi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, sura inayofuata nisingependa uhitaji kuisoma. Ni namna ya kukimbia huku ukiendelea kuchukia michezo.

Kwanza, usiondoke kama uliyefyatuliwa kwa manati. Ndivyo nilivyofanya siku ya pili, kwa sababu shuleni mbio nilizozijua ni zile za mita mia, na nilikwisha kabla ya nguzo ya tano ya umeme. Kimbia nguzo mbili, tembea moja. Kipimo cha mwendo ni uongo utakaomwambia Bibi. Ukiwa unakimbia, useme wote kwa sauti: "Shikamoo Bibi, nimechelewa kwa sababu muuza duka hakuwa na chenji." Ukifika "chenji" bila kukatika pumzi, mwendo unafaa. Ukikwama kwenye "shikamoo", punguza.

Pili, makande. Makande ni chakula kitukufu, lakini ukiyala saa kumi na moja na kukimbia saa kumi na mbili, utapata kichomi cha ubavuni kitakachokukunja kama wembe wa kukunja. Kikikushika, tembea, vuta pumzi ndefu, bonyeza panapouma, kitaachia. Kesho yake makande yasogee mbele, yawe ya mchana.

Tatu, na hili nililipia: usikimbie kila siku. Wiki ya pili nilinogewa, nikaenda siku sita mfululizo, na mfupa wa ugoko ukaanza kuuma kwa ndani, kwanza ninapoanza mwendo, kisha hata ninapopanda ngazi za darasani. Nikapumzika siku kumi. Kinaya chake ni kwamba wiki hiyo mguu uliuma kweli, na mwalimu wa michezo hakuniamini. Siku hizi nakimbia siku moja, siku ya pili napumzika.

Nne, shati jeupe la shule lisivuliwe, hata kama unaona aibu. Bodaboda wengine taa zao ni za kubahatisha, na weupe ndio unaoonekana mwisho. Kimbia upande ambao pikipiki zinakuja zikikutazama, usiingie njia za ndani za mkonge, na jua likigusa milima ya Usambara, geuka papo hapo, popote ulipofika. Mbwa akikufuata, acha kukimbia na utembee. Yeye naye anapenda mbio.

Walimu wakitaka kutuhubiria uvumilivu humtaja John Stephen Akhwari, aliyemaliza wa mwisho marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa ameumia goti, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde. Mimi hunivutia saa aliyofika. Jua lilikuwa limeshatua na watu wengi wameshaondoka uwanjani. Sijui kama walimu wetu wamewahi kuiona sehemu hiyo.

Usikubali kamwe kupimwa muda. Mwenye saa hufuatwa na mwenye daftari, na mwenye daftari ana orodha ya UMISSETA. Jumatano moja niliomba ruhusa ya kichwa. Alhamisi, karibu na korona, pikipiki ikatokea nyuma yangu na kupunguza mwendo. Niliitambua kwa mlio. Nikajitupa kwenye mkonge, na kwa kuwa kila jani la mkonge linaishia na mwiba, nikatoka haraka kuliko nilivyoingia.

"Kichwa kinaendeleaje?" mwalimu akauliza.

"Shikamoo mwalimu. Nimetumwa kiberiti."

Aliitazama barabara niliyotoka, akanitazama mimi, akaondoka bila neno. Jumatano iliyofuata jina langu lilikuwa kwenye mita 1,500. Tumbo likauma palepale, na safari hii halikuwa la kuigiza.

Udhaifu mkubwa wa mbinu zangu, hata hivyo, ulikuwa jikoni. Kila jioni ya mbio ilihitaji sababu ya kwenda dukani, na kufikia Agosti kabati la Bibi lilikuwa na viberiti kumi na saba na chumvi ya kumtosha mvuvi. Jioni moja nikamkuta amevipanga mezani, kimoja juu ya kingine.

"Bibi, nikakuletee majani ya chai?"

"Yapo."

"Sabuni?"

"Ipo. Na chumvi ipo, mke mwenzangu, tutaoga nayo." Akasogeza pazia, akatazama jua lilipofika. "Nenda, na usiniletee kitu."