Sifa za Bando Linalokesha

Malenga wetu wamesifu minazi, wamesifu mahaba, wamesifu hata kitoweo. Sijasikia bado aliyelitungia sifa bando la intaneti linalotoweka usiku, na hilo ni deni. Mimi nimeishi nalo kwa ukaribu, limenilia fedha zangu mbele ya macho yangu yaliyofumba, na kwa gharama hiyo nadhani nimenunua haki ya kulisifia.

Nianze na bidii yake, maana hapo ndipo ukubwa wake ulipo. Mwenye simu ananunua GB 2 saa tatu usiku. Anatazama klipu ya mpira, anajibu meseji za ukoo, anakubali kwamba mchango wa harusi atatoa mwisho wa mwezi, kisha anachomeka simu kwenye chaji na kulala. Binadamu kamaliza siku yake. Bando ndiyo kwanza linajifunga kibwebwe.

Kwa sababu Play Store, duka lile la programu lililomo ndani ya simu za Android, lina staha. Halipendi kukusumbua unapoitumia simu. Linasubiri mambo yakae sawa: simu imetulia, imechomekwa kwenye umeme, na kuna mtandao lililoruhusiwa kuutumia. Ndani ya mipangilio yake kuna kipengele cha programu kujisasisha zenyewe, na pakiwa pamechaguliwa `Over any network`, basi hata data yako ya kununua kwa vocha ni mtandao halali. Kuchomeka simu usiku huku data imewashwa, kwa hiyo, ni kulipa bando ruhusa ya kutoka.

Na likitoka linafanya mema kwa wote bila ubaguzi. Halisasishi tu zile programu unazozitumia. Huo ungekuwa upendeleo. Linaukumbuka mchezo wa magari ambao mtoto wa dada aliupakua sikukuu na hajaugusa tena. Linaikumbuka dira, ingawa mimi sijapotea Kariakoo kiasi cha kuhitaji kujua kaskazini ni wapi. Linaikumbuka tochi. Naomba tusimame kidogo kwenye tochi. Ile tochi ina kazi mbili, kuwaka na kuzimika, na zote mbili ilizimudu tangu siku ya kwanza. Hata hivyo kila baada ya muda kuna fundi mahali fulani duniani anayegundua kwamba kuwaka kwake kunahitaji MB nyingine kadhaa, na maelezo anayoyaacha ni yaleyale: `Bug fixes and performance improvements`. Sijawahi kuona tochi ikiwaka vizuri zaidi kwa ajili hiyo. Lakini bando haliulizi. Limetumwa, limekwenda, limeleta, na asubuhi halidai shukrani kwa kuwa asubuhi halipo.

Fadhila zake nyingine nizitaje kwa kupita. Linatufundisha kutotegemea mali ya dunia. Linatuondolea magrupu ya asubuhi na salamu zake za maua. Linamwamsha mtu kabla ya jogoo, kwa mshtuko.

Sasa, msifiwa mkubwa huandikiwa pia wasifu wa safari zake, nami nilizifuatilia. Simu huziandika yenyewe. Unaingia `Settings`, kisha `Network & internet`, kisha sehemu ya matumizi ya data ya kila programu. Majina hubadilika kidogo kutoka simu hadi simu. Hapo programu zimepangwa kuanzia mlafi mkubwa kushuka chini. Ukiigusa moja, inakuonyesha hesabu mbili: `Foreground`, yaani ulipokuwa umeifungua, na `Background`, yaani ilipokuwa ikijiendea yenyewe nyuma ya pazia. Hesabu ya pili ndiyo ya usiku.

Chukua hizo GB 2 nilizoanza nazo, ambazo ni kama MB 2,000. Mimi mwenyewe na klipu zangu na ukoo wangu tulikuwa tumetumia MB 190. Programu ya picha ilipandisha mtandaoni MB 910, na kiasi hicho si cha ajabu: dakika moja ya video ya 1080p inafika MB 100 hivi, na kwenye simu mlikuwa na video ya harusi, shangazi zetu wakicheza kwa karibu dakika tisa bila kupumzika. WhatsApp ilichukua MB 210, kwa sababu nakala yake ya akiba hupenda kutengenezwa saa nane usiku, na kama umeiruhusu kutumia data ya simu, inapandishwa saa hiyohiyo. Play Store lilichukua MB 640. Vipande vidogovidogo vikamalizia hamsini zilizobaki.

Hapo pana mtego unaowapoteza wengi. Ukiitafuta tochi kwenye orodha hiyo utaikuta na matumizi kiduchu, mikono yake myeupe. Mzigo wa kusasishwa kwake haukuandikwa kwa jina lake, umeandikwa kwa Play Store lililoupakua. Kwa hiyo anayekimbilia kufuta programu moja moja kwa kutazama orodha anaweza kufuta wasio na hatia wote na bando likaendelea kukesha. Dawa ya hapo ni kuingia kwenye mipangilio ya duka lenyewe na kuchagua `Over Wi-Fi only`, kisha kuifungia programu ya picha na nakala za WhatsApp zisitumie data ya simu. Anayetaka kufunga mlango wote kwa pamoja awashe `Data Saver`, inayozibana programu nyingi zisitumie data zikiwa nyuma ya pazia.

Nilifanya hayo yote. Nikaenda mbali zaidi, nikazima data kabisa kabla ya kulala, nikiwa nimelipima bando na salio kwa namba za nyota na reli. Asubuhi bando lilikuwa limelala pale nilipoliacha, kamili, kama bi harusi. Salio la kawaida, lile la kupigia, lilikuwa limepungua shilingi 150.

Hapo ndipo sifa zangu zilipoanza kunikwama kooni. Maana kipimo hiki hakina utata. Data ikizimwa, tochi haina njia ya kutoka. Kinachopungua hapo hakijaliwa na simu yako, kimekatwa kutoka upande wa pili, kwenye mitambo ya kampuni, na hakuna kitufe cha Android kinachofika huko. Kama zingepungua MB huku data imezimwa, hilo lingekuwa shauri la kampuni kujieleza. Likipungua salio, na kwa kiasi kilekile kila siku, umeungwa kwenye huduma.

Huduma hizi unazijua. Dondoo za mapenzi. Matokeo ya mechi ulizokwisha kuzitazama. Mlio wa wimbo ambao wewe hausikii, anausikia anayekupigia na anadhani ndiyo tabia yako. Shilingi 150 kwa siku haimuumi mtu, na imepangwa isimuume. Ni 4,500 kwa mwezi na 54,750 kwa mwaka. Salio likiwa sifuri huduma haifi, inangoja. Ukiweka vocha ya 1,000 inakuwahi mlangoni nawe unakuta 850.

Na unajiungaje? Njia ni fupi kuliko pumzi. Kisanduku kinachomoza katikati ya kioo wakati kidole kiko njiani kubonyeza kitu kingine, na kidole kinatua kwenye `OK`. Au uko kwenye tovuti kwa data ya simu, linakuja tangazo lenye kitufe cha kuendelea. Ungekuwa kwenye waifai lingelazimika kukuuliza namba yako na kukutumia tarakimu za kuthibitisha. Kwenye data ya simu mtandao unaijua namba tayari, kwa hiyo mbonyezo mmoja unaweza kuhesabiwa kuwa mkataba, na unajihuisha wenyewe kila usiku ukiwa umelala. Kujitoa ndiko kunakohitaji elimu: kupata namba fupi ya huduma, kujua neno linalotakiwa, kulituma, kungoja, kuambiwa umekosea neno.

Hebu niseme bila mashairi. Huu ni wizi wa chenji, na unaendeshwa na watu waliosoma. Fundi wa tochi angalau anaishi mahali ambapo intaneti haipimwi kwa kibaba, hajui anachonitenda. Hawa wanajua bei ya kila MB, ndio walioipanga.

Bando lenyewe likiisha saa nane usiku huku data iko wazi, simu haisimami. Inahamia kwenye salio la kawaida, ambako MB moja ni ghali kuliko ndani ya bando, na video ya shangazi inaendelea kupanda. Jambo hili si siri. Machi 2021 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilitangaza kanuni ndogo za vifurushi, na humo mlikuwa na mteja kuarifiwa matumizi yakifika asilimia 75 na 100, na kupewa nafasi ya kuchagua kama anataka kuendelea nje ya kifurushi au hataki. Mwanzoni mwa Aprili zilipotoka bei mpya za vifurushi, wananchi walipiga kelele na Serikali ikazisitisha bei. Tukazungumza bei, kama ilivyo kawaida yetu, na suala la nani amekubali nini, saa ngapi, halikupata wapiga kelele wa kutosha. Mimi meseji zangu mbili huingia vizuri tu. Ya asilimia 75 inafika nikiwa usingizini, ya 100 inafuata dakika chache baadaye, na asubuhi nazisoma kwa pamoja kama taarifa ya msiba na ya mazishi.

Nilipiga simu huduma kwa wateja. Baada ya muziki alipokea binti mwenye sauti ya upole kuliko ninavyostahili.

"Umejiunga na dondoo za mapenzi, kaka," aliniambia.

"Lini, dada yangu?"

"Saa kumi na dakika 12 alfajiri."

"Saa kumi alfajiri nilikuwa nimelala."

"Mfumo unaonyesha umejiunga mwenyewe, kaka. Nikutoe?"

Nikamwomba anitoe, na anirudishie fedha zilizokatwa. Kunitoa aliweza. Kurudisha, alisema, kunahitaji ombi lipelekwe kitengo kingine, ambacho hakina namba ya simu. Kisha, kwa kuwa karatasi iliyo mbele yake inamtaka aseme hivyo, akaniuliza kama ningependa aniunge na kifurushi cha wiki kinachojihuisha chenyewe, ili nisipate usumbufu.