Mwongozo wa Mtahini Asiyehitaji Kipimo

Umeteuliwa kutahini mazungumzo ya Kiswahili hapa Kampala. Hongera. Utapewa kabrasha lenye kipimo, kinasa sauti, na mwaliko wa kikao cha asubuhi ambamo watahini wote husikiliza rekodi za mfano kabla ya kumwona mtahiniwa hata mmoja. Kabrasha litumie kuwekea kikombe cha chai. Wewe ni mwalimu wa miaka mingi, na sikio lako linajua kazi.

Sikio la Kampala lina historia yake. Wengi wa rika langu tulikisikia Kiswahili kwanza kwenye kizuizi cha barabarani, kikitoka kinywani mwa askari, na si kwa upole. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yalikitaja kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapendekeza kifundishwe kwa lazima na kitahiniwe katika shule za msingi na sekondari. Lakini sikio halisomi maazimio ya Baraza la Mawaziri. Likisikia Kiswahili cha mtaani linakunja uso, na likisikia lafudhi ya pwani linapiga magoti. Chombo chako cha kupimia ndicho hicho, kitunze.

Anza kwa kuamua mapema. Kipimo chetu kina vigezo vinne, yaani mtiririko, msamiati, sarufi na matamshi, kila kimoja alama 0 hadi 5. Hiyo ni kazi mara nne. Mtahini hodari husikia salamu, akajua huyu ni wa 2, kisha akaandika 2 mara nne na kupumzika. Mimi nilifanya hivyo kwenye rekodi ya tatu ya mfano, na nalieleza jambo hili kwa fahari inayostahili.

Msemaji alikuwa mama muuza mitumba sokoni. Alianza na "habali", nikachukua kalamu. Akasimulia jinsi anavyofungua robota alfajiri, anavyotenga nguo safi na zenye madoa, anavyotaja bei ya kwanza akijua mteja ataikata nusu. Alisema "kitu yangu", "watu ingine", na mwishoni kwamba wenye vibanda "walipiga kula" kumchagua mwenyekiti. Nikacheka, nikaandika 2, 2, 2, 2. Jumla 8. Mwenzangu wa upande wa pili, ambaye mama yake aliuza nguo soko hilo hilo, alimpa 17.

Kiongozi wetu wa kikao, madamu mmoja mpole kwa namna ya kutisha, alikuwa na alama zilizokubaliwa tangu wiki iliyotangulia na jopo la watahini wazoefu. Hakutuonyesha kwanza. Alitaka kila mtu aandike zake kimya kimya, kwa wino, kabla ya kusikia za jirani. Utaratibu huu ni wa kuuepuka kwa kila hali. Wewe subiri mwenye cheo aseme "labda 13", kisha sema, "Na mimi nilikuwa napo hapo hapo."

"Mwalimu," akaniambia, "nisomee maelezo ya matamshi, alama ya 2."

Nikainua kikombe, nikasoma: msikilizaji analazimika kuomba kurudiwa mara kwa mara. Alama ya 3: lafudhi ya lugha ya kwanza inasikika wazi, lakini msikilizaji hupotea mara chache tu.

"Ulipotea mara ngapi?"

Mara moja, kwenye kura na kula. Kwingine nilimwelewa vizuri mno, ndiyo maana niliweza kumcheka. Katika Kiganda r hukaa baada ya e na i, na kwingine sauti hiyo hutoka l. Ndiyo sababu barabara inakuwa "balabala" na mchele unakuwa "mchere". Ni sheria ya lugha yake, naye anaifuata kwa nidhamu kuliko mimi nilivyofuata kipimo. Basi matamshi 3. Upatanisho wa ngeli ulivunjika karibu kila sentensi, ingawa nyakati za vitenzi zilikuwa sawa: sarufi 2, hapo nilipatia kwa bahati. Lakini alizungumza dakika mbili nzima bila kutafuta neno, akiunganisha jambo na jambo, akiwa na jina la kila kitu kilichomo kibandani: mtiririko 4, msamiati 4. Jumla 13. Mimi nilimpunja 5, mwenzangu alimzidishia 4. Angekuwa mtahiniwa wa kweli, matokeo yake yangetegemea mlango alioingilia.

Baada ya rekodi sita madamu alipanga alama zetu kwenye ubao, kila mtu na tofauti yake. Mimi nilikuwa chini ya alama za jopo kwa 3, 4 au 5, kila mara. Mwenzangu alikuwa juu kwa 2, chini kwa 3, juu kwa 4, sawasawa, chini kwa 4, juu tena. Ukichukua wastani wake, alikaribia kabisa alama za jopo, naye akatabasamu. Madamu hakutabasamu. Mkali wa kudumu, alisema, anaweza kurekebishwa, kwa sababu unajua pa kumsukuma. Anayeruka juu na chini hana pa kushikwa, na wastani wake mzuri haumsaidii mtahiniwa aliyemwangukia siku ya kuruka chini. Yeye akapewa rekodi nyingine sita, mimi nikaagizwa kusoma maelezo kwa sauti kabla ya kila alama. Adhabu yangu ilikuwa ya aibu zaidi.

Kuhusu kuuliza maswali, kuwa mkarimu kwa unaowapenda. Kijana akikwama, mpe neno. Akikwama yule uliyemchoka, tazama saa. Watu wa vipimo wanataka swali lisomwe kama lilivyoandikwa, lirudiwe mara moja tu kwa kila mtu, maana neno ulilompa linahesabiwa kwenye msamiati wake ilhali ni lako. Na kinasa sauti kizime ukiweza. IELTS, ambao nao hufanyika mjini hapa, una vigezo vinne vyenye uzito sawa, na mahojiano yake ya dakika 11 hadi 14 hurekodiwa yote, ili mwingine aweze kukusikiliza wewe pia. Kwetu rekodi kadhaa husahihishwa upya na mtu asiyeona alama za kwanza, na tofauti ikizidi 3 huamua wa tatu.

Mwisho, usikubali kupimwa baada ya chakula. Saa nane mchana, matoke yakiwa yameshatua tumboni, madamu alituchezea rekodi moja "mpya". Nikaandika 10 kwa kujiamini. Ilikuwa ya asubuhi, ya pili kwenye orodha, ambayo baada ya masahihisho niliipa 13 kama jopo. Nikamweleza kwamba feni ilikuwa na kelele. Akaizima, akaicheza rekodi tena. Nikapata 12. Feni ikabaki imezimwa alasiri yote, na wenzangu wananidai hadi leo.

Mtihani wenyewe ulikuwa umeanza mvua ilipoanza kupiga mabati. Mtahiniwa wa 14 akaingia akipangusa viatu, akaketi ukingoni mwa kiti.

"Habali za mchana, mwalimu."

Nikaondoa kikombe juu ya kabrasha. Kilikuwa kimeacha duara la chai juu ya maelezo ya alama ya 3, lakini maandishi yalisomeka. Nikamjibu nzuri, nikalaza kalamu, nikasubiri neno la pili.