Taa ya Boda Imegoma

Kijiwe chetu kiko chini ya mwembe, pale nguzo za umeme zinapoishia. Wenzetu wa barabara kuu wana LUKU. Sisi wa huku tuna paneli juu ya bati. Wajumbe wa kudumu ni Mzee Kahawa, mwenye birika, Mama Chapati, Fundi Waya, ambaye hajawahi kuona kitu asitake kukifungua, na Mjuaji, ambaye kazi yake hadi leo hatuijui. Juzi jioni Boda alitua akiwa amekumbatia boksi lake la sola.

BODA: Shikamoo mzee. Jamani, taa imekufa hii, na jana tu nimelipa elfu tatu na mia tano!

MZEE KAHAWA: Marahaba. Kaa kwanza, upumue.

FUNDI WAYA: Lete hapa. Bisibisi ninayo.

MAMA CHAPATI: Fundi, rudisha bisibisi mfukoni. Ukishachana hiyo stika ya ubavuni, udhamini umekwenda. Boda, bonyeza swichi tuone.

Akabonyeza. Kitaa chekundu kikapepesa, kwenye kioo ikatokea sifuri, kisha kimya.

MAMA CHAPATI: Haijafa, imefungwa. Betri ingekuwa imekwisha, hata hicho kitaa kisingepepesa. Hiyo sifuri ndiyo siku zilizokubakia.

BODA: Sasa zimeisha vipi? Wiki iliyopita tulikuwa msibani siku nne, nyumba imefungwa, hatukuwasha hata taa moja.

MJUAJI: Hapo ndipo wanapotumaliza. Wanatuangalia kwa setilaiti.

MAMA CHAPATI: Setilaiti ikuangalie wewe, ina shida gani? Boda, wewe umezoea LUKU ya kwa shemeji yako. LUKU unanunua uniti, zinakaa mpaka uzitumie. Hapa unanunua siku. Humo ndani mna saa. Uwashe usiwashe, siku inahesabiwa. Ukisafiri, usilipie wiki ya kuwa safarini. Lipa ukirudi.

MZEE KAHAWA: Mimi kinachonishinda ni kimoja. Huku mtandao mpaka upande kichuguu. Hilo boksi linajuaje kwamba mtu amelipa?

MAMA CHAPATI: Halijui, mzee. Ukituma pesa kwa simu, kompyuta ya kampuni inatoa tokeni, inakuja kwenye meseji, na wewe unaibonyeza kwenye hivi vitufe. Tokeni hiyo inakubali kwenye boksi hilo peke yake, na mara moja tu. Mtandao unauhitaji kwenye simu, boksi lenyewe haliuhitaji.

FUNDI WAYA: Mimi naweza kukiruka hicho kikufuli kwa waya mmoja.

MAMA CHAPATI: Kikufuli kiko kwenye bodi ileile inayoizuia betri isijae kupita kiasi. Ukikiruka, taa itawaka, halafu utaniambia betri ilidumu muda gani. Na ndiyo maana msinunue yale maboksi ya bei poa ya mnadani. Mengi ni ya watu walioacha kulipa katikati. Mkataba si wako, tokeni hutaipata.

MZEE KAHAWA: Mpwa wangu analo moja. Anazuilia mlango.

MAMA CHAPATI: Boda, tokeni ya jana iko wapi?

BODA: Haikuja. Ilikuja meseji ya kutoka kwa pesa tu, hii hapa.

Mama Chapati akaifuta mikono unga, akaishika simu, akasoma. Kisha akaligeuza boksi, akatazama namba iliyobandikwa chini yake. Akarudia tena, mara hii akitembeza kidole.

MAMA CHAPATI: Wewe ulipoulizwa namba ya kumbukumbu uliandika mwisho wake sabini na moja. Boksi lako mwisho wake ni kumi na saba. Umemlipia mtu mwingine.

Kimya. Mjuaji akaanza kukohoa, na kahawa alikuwa bado hajainywa.

MZEE KAHAWA: Mjuaji, la kwako linaishia namba ngapi?

MJUAJI: Jamani, jana ilinijia tokeni ya siku saba. Nikajua ni ofa.

BODA: Ofa! Mimi nimelala na kibatari!

MAMA CHAPATI: Angekuwa mtu usiyemjua, ungepiga huduma kwa wateja uwasomee namba ya muamala. Kama tokeni haijabonyezwa, wana la kufanya. Huyu ameshaibonyeza na ameshaangaziwa usiku mmoja, kwa hiyo mkamalizane wenyewe. Mjuaji, toa elfu tatu mia tano.

Alitoa, kwa mafungu, moja likitoka kwenye soksi. Mzee Kahawa akaiona nafasi ya kuuliza la kwake.

MZEE KAHAWA: Niambieni ukweli. Hii mia tano ya kila siku, mwisho wake inafika shilingi ngapi? Wakala alipita hapa akasema mia tano, mia tano, akaondoka.

MAMA CHAPATI: Boda, kianzio ulitoa ngapi?

BODA: Elfu thelathini. Halafu mia tano kwa siku 365. Taa tatu na chaja ya simu.

MAMA CHAPATI: Mia tano mara 365 ni 182,500. Ongeza kianzio, inakuwa 212,500. Dukani wangekuuzia taslimu kwa ngapi?

BODA: Waliniambia 160,000.

MAMA CHAPATI: Basi kukopeshwa umekununua kwa 52,500. Sisemi umeibiwa. Uliza tu uijue hiyo jumla kabla ya kuweka kidole.

BODA: Laki na sitini ya mkupuo ningeitoa wapi? Mafuta ya taa nilikuwa nanunua ya mia tano kila baada ya siku mbili, na kuchaji simu, yangu na ya mama watoto, ni kama mia tatu kwa siku. Hiyo ni 550. Kwa hiyo sijaongeza matumizi.

MZEE KAHAWA: Na zile siku nne za msiba, kama usingelipa ingekuwaje?

MAMA CHAPATI: Kwa mkataba wa hawa, deni halipandi. Taa inazima, na tarehe ya kumaliza inasogea siku nne mbele. Lakini ukikaa kimya mwezi mzima wanapiga simu, kisha wanakuja kulichukua boksi, na kianzio hakirudi. Kuna mikataba mingine yenye faini, kwa hiyo mtu aulize. Na pesa asimpe wakala mkononi, hata kama ni mtoto wa dada yake. Atume kwa namba ya kampuni, abaki na meseji. Mimi nilipomaliza waligoma kunipa tokeni ya mwisho, ile inayofungua moja kwa moja, wakidai bado wiki mbili. Wiki hizo mbili nilikuwa nimempa wakala taslimu.

FUNDI WAYA: Ukafanyaje?

MAMA CHAPATI: Nililipa tena, nifanyeje? Sikuwa na meseji.

MJUAJI: Mimi ningewashitaki.

BODA: Wewe nyamaza, bado una ofa yangu.

Boda akatembea mpaka kichuguuni, akatuma pesa huku Mama Chapati akimsomea namba moja moja. Tokeni ikaja, ikabonyezwa, kioo kikaandika saba.

MZEE KAHAWA: Basi na mimi nichukue?

MAMA CHAPATI: Mzee, wewe unaishi peke yako, simu unachaji kwangu bure, na shida yako ni mwanga wa kwenda chooni na wa kuhesabia vikombe. Hiyo ni taa moja ndogo yenye kipaneli chake. Uza kahawa, weka akiba, kanunue taslimu dukani, na risiti uitunze. Taa ya ukubwa huo haina haja ya mkopo.